Klipu ya haraka kutoka rekodi ya laivu ambayo haijaisha au imekufa: kipi uchukue, kipi usitoe hela

Jumamosi nipo ukumbini narusha harusi laivu kwa OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha laivu, tupo saa ya tatu ya shughuli, shangazi wa bibi harusi ananifuata nyuma ya meza, "mwanangu, nikatie pale maharusi walivyoingia nitume kwenye grupu la familia sasa hivi." Sasa hivi, yani wakati rekodi bado inaendelea! Watu wengi hapo wanafanya kosa moja kati ya mawili, ama wanasimamisha rekodi ndo wakate, au wanamwambia asubiri mpaka usiku. Yote mawili hayana haja. Na kuna ile nyingine mbaya zaidi, umeme unakatika katikati, unabaki na faili la GB 4 ambalo hakuna pleya inayolifungua, unaingia gugo kutafuta programu ya kuponya video na unaanza kuombwa hela.

Nimeshapitia zote mbili, nimetumia vya bure na vya kulipia, hii ndo oda yangu kuanzia cha kuchukua kwanza mpaka cha kuchukua ukiwa huna ujanja.

Ila kabla ya kununua chochote angalia faili lako ni la aina gani, maana hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. MP4 ya kawaida inaandika picha na sauti mwanzo mpaka mwisho halafu ile ramani yake, inayomwambia pleya fremu ipi ipo wapi, inaiandika mwishoni kabisa ukishabonyeza Stop Recording. Kabla ya hapo ni kama kitabu kisichoshonwa, kurasa zote zipo ila hujui ipi inaanza. Ndo maana MP4 inayorekodiwa huwezi kuikata, na umeme ukikatika inakufa hapohapo. MKV yenyewe inaandika kidogokidogo na kila kipande kinajieleza, kwa hiyo inasomeka hata ikiwa inakua, na ikikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Kuanzia OBS 30.2 ya mwaka 2024 kuna kitu kinaitwa Hybrid MP4, hiyo nayo wakati wa kurekodi inajigawa vipandevipande, haifi kirahisi. Nenda Settings, Output, Recording, pale Recording Format, weka MKV au Hybrid MP4. Bei yake sifuri, na wewe usiyefanya hivyo ndo mteja wa namba tano huko chini.

Namba moja: Replay Buffer ya OBS. Kwa faili linalokua hakuna kinachoizidi, kwa sababu hata huligusi hilo faili. OBS inashikilia kwenye RAM sekunde za mwisho ulizoiambia, mfano 90, ukibonyeza kitufe cha Save Replay inakutemea klipu yako pembeni huku rekodi na laivu zinaendelea kama hakuna kilichotokea. RAM wala haili, kwa bitireti ya 6000 kbps sekunde 60 ni kama MB 45. Udhaifu wake ni mmoja na ushaniumiza: lazima ubonyeze Start Replay Buffer kabla ya tukio, na lazima ukumbuke kusevu ndani ya muda. Maharusi wameingia dakika arobaini zilizopita? Imekula kwako, shuka namba mbili.

Namba mbili: ffmpeg. Bure, haina madirisha wala vitufe, unaandika amri tu, watu wanaiogopa bure. Yule shangazi nilimhudumia na hii. Faili lilikuwa MKV, maharusi waliingia saa 1 dakika 12 na sekunde 30 ya rekodi, nikataka sekunde 45:

```
ffmpeg -ss 01:12:30 -i harusi.mkv -t 45 -c copy klipu.mp4
```

Muda niliupata kwa kufungua faili lilelile kwenye VLC huku OBS inaendelea kuandika, haigombani nayo. MKV inayokua bado haina faharasa wala urefu wake haujaandikwa, kwa hiyo VLC inaweza ikaonyesha urefu wa ajabu na ukiruka mbele inasuasua, usishtuke, faili halijaharibika. ffmpeg nayo inaweza kulisoma faili toka mwanzo mpaka ifike hapo ulipotaka, kwenye diski ya zamani utasubiri kidogo. Na usiombe kipande kinachogusa sekunde hii hii inayorekodiwa, ffmpeg inaishia pale faili lilipofika, utapata klipu fupi kuliko ulivyoomba. Acha sekunde kumi hivi zipite.

Sasa hiyo `-c copy` maana yake inanakili tu bila kupika video upya, ndo maana inamaliza haraka. Gharama yake ni kwamba haikati popote, inaanzia kwenye fremu kuu, ile picha kamili ambayo zinazofuata zinaiegemea. Laivu nyingi zinawekwa fremu kuu kila sekunde 2, kwa hiyo klipu inaweza kuanza mpaka sekunde mbili kabla, au kwenye baadhi ya simu unaona picha imeganda kidogo halafu inaamka. Kwa grupu la familia nani atajali. Ukitaka ikate palepale unapika upya:

```
ffmpeg -ss 01:12:30 -i harusi.mkv -t 45 -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac klipu.mp4
```

Lakini hii usiifanye kwenye mashine inayorusha laivu!! Prosesa inagawanywa, OBS inaanza kulia Encoding overloaded, na watu walioko nyumbani wanaona harusi inakwamakwama kwa sababu ya klipu ya sekunde 45. Hamisha ile klipu ya kwanza kwa flashi, ipike kwenye laptopu nyingine, ila kwenye amri weka jina la klipu badala ya harusi.mkv, `-ss` ihesabu toka mwanzo wa klipu yenyewe, na faili la kutoka lipe jina jingine.

ffmpeg hiyohiyo ndo daktari wa MKV iliyokatika na umeme. Unainakili nzima kwenda faili jipya, inaandika faharasa upya, baada ya hapo unaruka mbele na nyuma kama kawaida:

```
ffmpeg -i iliyokatika.mkv -map 0 -c copy nzima.mkv
```

Namba tatu: LosslessCut. Ni ffmpeg iliyovalishwa nguo, unaona picha, unaweka alama mwanzo na mwisho, unaekspoti. Kwenye GitHub ni bure, kwenye stoo ya Microsoft na ya Apple inauzwa, na hii ndo hela pekee ya programu kwenye ukurasa huu ninayoweza kukwambia toa kwa moyo safi, inamwendea aliyeitengeneza. Nimeiweka ya tatu kwa sababu kwenye faili linalokua inachukua urefu wa pale ulipolifungua, ukitaka kilichorekodiwa baadaye inabidi ulifungue tena. Kwa faili lililoisha au ulilokwishalinyoosha na ffmpeg, ningeipa ya kwanza. Ile sheria ya fremu kuu iko palepale.

Namba nne: untrunc. Hii ni ya MP4 iliyokufa peke yake. Utajuaje ni ugonjwa wake? Ukiipitisha kwenye ffmpeg inakwambia `moov atom not found`, yani ile ramani haipo. Halafu angalia ukubwa wa faili. Likiwa sifuri hakuna cha kuponya, kalale. Mimi langu lilikuwa GB 4.1, na narekodi kwa 6000 kbps ambayo ni kama GB 2.7 kwa saa, kwa hiyo nikajua mule ndani kuna karibu saa moja na nusu ya picha imelala.

Inavyofanya kazi, unaipa faili zima lililorekodiwa na mashine ileile kwa setingi zilezile, inajifunza umbo lake, halafu inapita kwenye lile bovu ikitambua hiki picha hiki sauti, inaandika ramani mpya:

```
untrunc nzuri.mp4 mbovu.mp4
```

Kitu ambacho watu hawajui, kama huna faili zuri la zamani unaweza kulitengeneza leo. Washa OBS bila kugusa setingi yoyote, rekodi dakika mbili tatu za ukuta, simamisha vizuri, hilo ndo faili lako la mfano. Ila zifanane kweli: saizi ya picha, fremu kwa sekunde, enkoda, na idadi ya treki za sauti. Mara ya kwanza nilitumia faili la 1080p wakati lililokufa lilikuwa 720p, nikapata rangi za kijani na mistari, nikadhani ndo basi. Nikarudia na la 720p, ikatoka. Haikutoka safi asilimia mia, sehemu nyingine picha inaenda kwa kushtukashtuka na sauti inatangulia kidogo, lakini hotuba ya baba mzazi nikaipata. Fanya kwenye kopi, lile bovu asilia usiliguse.

Namba tano: programu za kulipia za kuponya video, na saiti za kuaplodi. Nyingi zinatumia ujanja uleule, ukiona inakuomba "faili la mfano" ushajua. Sisemi hazifanyi kazi, kuna watu zimewatoa, na kama amri zinakutia kichefuchefu basi ni njia. Masharti yangu mawili. Kwanza demo ikuonyeshe video yako ikicheza, tena ya katikati na ya mwisho, sio picha moja ya mwanzo, mimi nililipia moja baada ya kuona picha moja ya jalada tu, nikapewa dakika nne kati ya tisini, hela haikurudi. Pili angalia kama ni ya kulipa mara moja au inakata kila mwezi. Za kuaplodi ndo kabisa, GB 4 kwa bando la simu uipandishe halafu uambiwe imeshindikana, mbali na kwamba ni harusi ya watu unaikabidhi kwa usiyemjua.

Hela iliyobaki, kama unatumia kompyuta ya mezani, peleka kwenye UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Inakupa dakika chache tu lakini zinatosha kubonyeza Stop Recording. Na skrini nayo uichomeke humohumo, mimi ya kwangu mashine ilibaki inawaka, skrini giza, nikawa nabonyeza kwa kubahatisha.