Kava la godoro lenye zipu: angalia pale zipu inapoishia

Nyumbani nina makava mawili ya godoro ya kufunga kwa zipu. Pakiti zote mbili ziliandikwa maneno yaleyale: yanazuia kunguni, yanazuia wadudu wa vumbi, hayapitishi maji. Moja ninalilalia hadi leo. La pili limeishia stoo, limefunika godoro la akiba, kwa sababu kazi niliyolinunulia lilishindwa. Kitambaa chake kilikuwa kizuri tu, tena kilikuwa laini kuliko cha mwenzake. Kasoro ilikuwa mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nilikuwa na sababu mbili za kununua. Kunguni walikuwa wameingia chumbani na kujificha kwenye mishono ya godoro, na mwenzangu ana aleji ya vumbi, akiamka asubuhi ni chafya na macho mekundu. Ukienda kununua utaona shida hizi mbili zinauzwa kwenye pakiti moja kana kwamba ni kitu kimoja. Sizo. Kunguni anazuiwa na zipu; mdudu wa vumbi anazuiwa na kitambaa. Kava linaweza kufaulu kwa mmoja likafeli kwa mwingine.

Nianze na kunguni. Mkubwa ana urefu wa milimita kama 5 hivi, lakini akiwa na njaa ni bapa kabisa, na ufa unaoingia kadi ya benki unamtosha kujificha. Aliyetoka kwenye yai leo ana urefu wa milimita kama moja na nusu, na rangi yake ni hafifu kiasi kwamba kwenye shuka nyeupe unaweza kumpita. Huyo mdogo ndiye wa kupimia kava. Akipata upenyo, atatoka, atakuuma, kisha atarudi ndani kulala kwa raha zake.

Sasa chukua zipu ya begi lolote, uifunge hadi mwisho, uangalie kichwa chake, kile kinachovutwa. Mbele yake, kati ya kichwa na kile kizuizi cha mwisho, mara nyingi panabaki uwazi mdogo ambapo meno hayakushikana. Kwenye begi hakuna anayejali. Kwenye kava la godoro, huo ni mlango. Kava langu la stoo lilikuwa hivyohivyo: meno yalibana vizuri kote, ila mwishoni kona ya kadi iliingia bila kusukumwa. Lile ninalolilalia limeshonewa kipande cha sponji nene chini ya mwisho wa zipu, na kichwa kikifika pale kinakaa juu ya sponji na kuikandamiza. Juu yake kuna ulimi wa kitambaa unaofunika sehemu yote na kushikwa kwa velkro. Kadi haikuingia popote, hata nilipolazimisha kidogo. Velkro peke yake isikutoshe, kwa sababu ikilegea pembeni kunguni anapita chini yake. Inasaidia tu kuzuia kichwa cha zipu kisirudi nyuma wakati watu wanageuka usingizini.

Jaribio lililonionyesha mengi zaidi ni la tochi. Kabla ya kulivisha godoro, niliweka simu ndani ya kava ikiwa imewashwa tochi, nikafunga zipu yote, nikazima taa na kufunga mapazia. Kitambaa chote kitang'aa kidogo, hilo ni la kawaida, usilishangae. Unachotafuta ni nukta kali ya mwanga. Sogeza simu taratibu kwa nje ya kitambaa, ukifuata zipu, halafu kona, halafu mishono. Kava la stoo lilitoa nukta moja kubwa mwishoni mwa zipu, na mbili ndogo pale zipu inapopinda kwenye kona, kwa sababu meno ya plastiki yakipindishwa sana yanaachana. Lile ninalolilalia lilitoa vinukta vidogo vya sindano kwenye mshono mmoja tu.

Hivyo vinukta vya sindano ndivyo vinavyotupeleka kwa wadudu wa vumbi. Kunguni hapiti kwenye tundu la sindano ambalo uzi umelijaza. Lakini aleji ya vumbi haiji na mdudu mzima. Mdudu mwenyewe ana robo ya milimita hivi, na anaishi humo ndani akila magamba ya ngozi yetu. Kinachomsumbua mwenye aleji zaidi ni kinyesi chake, vipunje vya mikromita kati ya 10 na 40, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kila unapojigeuza, godoro linapumua na vipunje vinarushwa juu, karibu kabisa na pua.

Kwa hiyo kwenye pakiti tafuta namba moja: ukubwa wa vitundu vya kitambaa. Uwe mikromita 10 au chini. Maandishi ya "kinga ya aleji" bila namba hayakuambii chochote. "Hayapitishi maji" nayo si jibu, kwa kuwa kuna makava mengi ya namna hiyo yanayofunika juu na pembeni tu, yanashikwa kwa lastiki chini, na upande wa chini wote uko wazi. Kitambaa kinachofaa ni cha aina mbili: kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobana sana, au cha kawaida kilichobandikwa utando mwembamba wa plastiki kwa ndani. Cha kufumwa kinapitisha hewa vizuri zaidi na hakina joto. Cha utando kinazuia pia jasho na mkojo wa mtoto, ila ukisogeza pua unaweza kusikia harufu ya plastiki mwanzoni. Kianike siku moja mbili. Kuna cha tatu, cha nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa, kinafanana na barakoa za hospitali. Ni rahisi, lakini uso wake una manyoya yanayoshika magamba ya ngozi, na baada ya muda wadudu wanajenga makazi humo humo. Mimi sikichukui.

Mishono nayo: geuza kava nje ndani. Kama mishono imebandikwa utepe wa joto au imeunganishwa bila sindano, hiyo ndiyo ya mwenye aleji. Langu lina mshono mmoja usio na utepe, nikaugeuza uelekee miguuni. Kwa hilo nalikata alama, si kubwa.

Kuhusu vipimo, watu hupima urefu na upana, wakasahau kimo. Pima kimo cha godoro katikati na pembeni, kwa sababu sponji ya zamani huwa imebonyea katikati. Kava likiwa fupi kwa kimo, kila ukikaa ukingoni uzito wako unavuta meno ya zipu, na ni pale pale kwenye kona yanapoachana. Likizidi sentimita mbili tatu si neno. Likizidi sana linakunjamana, na mikunjo ni maficho mapya ya kunguni kwa nje. Zipu inayozunguka pande tatu inakuwezesha kuweka godoro juu ya kava kama sanduku na kulifunga. Yenye zipu upande mmoja tu unalazimika kulisukuma godoro ndani kama mto kwenye foronya, na kwa godoro zito, mishono inapasuka siku hiyohiyo.

Siku ya kuvisha tulikuwa wawili. Godoro lilipigwa mashine ya kufyonza vumbi, hasa kwenye mishono na vitufe, kisha likaachwa likauke kabisa, maana unyevu ukifungiwa ndani ya kitambaa cha utando unazaa ukungu. Chaga za kitanda nilizipitia kwa kiganja, nikagonga misumari iliyochomoza na kubandika vipande vya zulia kwenye kingo kali. Kava zuri kabisa linachanwa na kibanzi kimoja cha mbao, na tundu hilo liko chini, hulioni. Zipu ilipofungwa, nilipitisha kwenye tundu la kichwa chake ile kamba ya plastiki ya kubania nyaya, nikaifunga kwenye kitanzi cha kava, asije mtu akafungua kwa nia njema ya kufua. Tarehe niliiandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa miguuni.

Tarehe ina sababu. Kunguni walio ndani hawafi kwa kukosa hewa. Wanakufa kwa njaa, na njaa yao ni ndefu: mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila damu, na chumba kikiwa baridi zaidi ya hapo. Ushauri wa kawaida ni kutolifungua kwa mwaka mzima au zaidi. Ukilifungua kati, umewafungulia wote.

Na kava haliui kunguni wa kwenye fremu, nyuma ya soketi au kwenye mikunjo ya pazia. Nilipolivisha tu, kuumwa kulipungua lakini hakukuisha. Kilichobadilika ni kwamba waliobaki hawakuwa na mshono wa kujificha. Kwenye kitambaa cheupe kilicholainika, kila doa jeusi la kinyesi chao linaonekana, na nilianza kuwakuta pembeni wametembea hawana pa kuingia. Hapo ndipo kazi ya kupulizia fremu na nyufa za ukuta ilipopata maana, kwa sababu tulijua wanatoka wapi. Chukua kava jeupe, si la kijivu, hata kama la kijivu linapendeza.

Kwa mwenye aleji, matokeo ni ya taratibu. Mito nayo lazima ivishwe, vinginevyo umehamisha tatizo tu, na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, joto linaloua wadudu hao. Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003, wenye watu wazima zaidi ya 1,000 wenye pumu, ulionyesha kwamba makava peke yake hayakuwapunguzia tatizo. Mwenzangu chafya za asubuhi zimepungua, lakini kwetu yalikwenda pamoja: kava, mito, shuka za moto, na kuondoa zulia kando ya kitanda. Siwezi kukuambia kipi kilifanya kazi zaidi.

Kelele ya kitambaa ilisikika wiki za mwanzo na imeisha. Joto lipo, kidogo, na shuka ya pamba juu yake linatosha. Kila ninapobadilisha shuka ninapapasa zipu kwa kidole hadi mwisho wake, na ninaangalia kona za chini kwa tochi. Mara moja nilikuta tundu dogo kama punje ya mchele. Nililibandika utepe wa kuziba nguo za mvua, ndani ya dakika tano, godoro likiwa limesimamishwa ukutani na kamba ya plastiki ikiwa bado imefungwa.