Uzoefu wangu na kibodi ya swichi za kuchomoa: herufi N ilipokataa kunyamaza

Hii ni kibodi ya mekaniki. Hutumia kebo ya USB, na ukitaka inafanya kazi bila waya kupitia kipokezi kidogo. Kila swichi imechomekwa kwenye soketi yake badala ya kulehemiwa kwenye bodi. Nimeandika nayo kutwa kucha kwa muda mrefu, na sifa hiyo ya soketi sikuwa nimeitilia maanani mpaka herufi N ilipoanza vituko.

Kwanza zilikuja N mbili pale nilipobonyeza mara moja: "nnyumba", "kunnunua". Baadaye likaja kubwa zaidi. Ningebonyeza, ningeachia, na mstari mzima ungejaa nnnnnnnn mpaka niguse kitufe kingine, kisha baada ya muda inaanza tena.

Watu wengi huziita dalili hizi mbili kwa jina moja na kukimbilia kupuliza vumbi, lakini kinachotokea ndani ni tofauti. Kibodi haitumi herufi mia. Inatuma habari mbili tu: kitufe kimebonyezwa, kitufe kimeachiwa. Kompyuta ikipata ya kwanza isipate ya pili, yenyewe ndiyo inayorudiarudia herufi kwa mwendo ulio sawa. Kwa hiyo msururu usiokwisha maana yake habari ya kuachia haijafika. Herufi mbili kwa bonyezo moja maana yake mguso wa chuma ndani ya swichi umeshika, ukaachia, ukashika tena kwa kasi ambayo kidole hakiwezi.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama kosa liko kwenye kibodi au kwenye kompyuta. Msururu ulipokuwa ukiendelea nilichomoa kebo, ukakoma. Hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu kuchomoa hukatisha kila kitu. Kipimo ni kuichomeka tena bila kugusa kitufe chochote. Ikitulia, huenda habari ya kuachia ilipotea njiani tu. Ikianza tena yenyewe, kuna kitu kwenye kibodi kinachosema "nimebonyezwa" wakati hakuna mkono juu yake. Yangu ilianza tena, na kwenye kompyuta nyingine ikafanya vilevile. Kwa mwenye laptopu, ambaye hawezi kuchomoa kibodi yake, njia ya karibu ni kuingia kwenye BIOS, kwenda sehemu ya kuandika neno la siri na kuangalia kama herufi zinajijaza, kisha kutoka bila kuhifadhi. Zikijijaza hapo, mfumo endeshi hauna hatia.

Upande wa programu sikuupuuza. Chanzo ninachokiona zaidi ni kutumia kompyuta ya mbali au mashine pepe: unabonyeza ukiwa ndani ya dirisha lake, unahamia dirisha jingine, na habari ya kuachia inaishia kwingine. Hapo mara nyingi vitufe vinavyobaki vimeshikwa ni Ctrl, Alt au Shift, na kuvibonyeza na kuviachia tena vyote, vya kushoto na vya kulia, hutosha. Kwenye Windows pia kuna Sticky Keys, inayoitwa kwa kubonyeza Shift mara 5. Nayo inahusu vitufe vya aina hiyo tu. Haiwezi kuifanya N ijirudie.

Kibodi hii ikitumika bila waya nimewahi kuona msururu mfupi unaojikata wenyewe, hasa betri ikiwa chini au kipokezi kikiwa nyuma ya kompyuta karibu na tundu la USB 3, ambalo linaweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz. Ndiyo maana ninapima kwa kebo kwanza.

Kwa kuwa natumia Linux, nilitaka kuona kwa macho kinachotumwa. Ukishasakinisha programu ya evtest, amri ni hii, kisha unachagua kibodi kwenye orodha:

```
sudo evtest
```

N ikiwa imekwama unaona hivi, bila value 0 kutokea:

```
code 49 (KEY_N), value 1
code 49 (KEY_N), value 2
code 49 (KEY_N), value 2
```

1 ni kubonyezwa, 0 ni kuachiwa, 2 ni marudio ya kompyuta yenyewe. Ugonjwa wa herufi mbili ungeonekana kama 1, 0, 1, 0. Kila mstari huanza na saa yake, sehemu ambayo nimeikata hapo juu. Mabonyezo mawili yakipishana kwa milisekunde chini ya 30, hicho si kidole. Asiye na Linux anaweza kufungua `osk` kwenye Windows na kuangalia kama kitufe cha N kwenye skrini kinabaki kimewaka.

Hapo ndipo lilipobaki swali la vumbi. Nilishusha macho mpaka usawa wa vitufe na kutazama kwa ubavu. Kwenye swichi za kawaida za aina hii shina, yaani sehemu inayoshuka ukibonyeza, husafiri karibu milimita 4, na mguso hushika karibu na milimita 2. Kama uchafu au unata ndio umezuia shina kurudi, kifuniko cha N lazima kionekane kimezama kuliko jirani zake. Cha kwangu kilikuwa sawa kabisa na B na M. Nilipuliza hewa hata hivyo, na hakikubadilika kitu. Vumbi kavu likiingia kati ya vijibati vya mguso, mara nyingi huvizuia visigusane: herufi inakosekana au inakuja mara mbili. Kushika moja kwa moja, shina likiwa juu, hakuendani na vumbi.

Sasa soketi zikafanya kazi. Nilichomoa kebo, nikavuta swichi ya N na ya F9, nikazibadilishana mahali. Msururu ukahama: N ikatulia, na F9 ikawa ndiyo inayoshikwa. Ungebaki kwenye N, ningetafuta tatizo kwenye soketi au bodi. Nilipoifungua swichi niliona kijibati kimoja kimepinda na kulala juu ya mwenzake, springi ikiwa nzima na shina likipanda vizuri. Swichi mpya ndiyo iliyomaliza tatizo.

Programu ya kibodi hii inaruhusu kuongeza muda wa kusubiri mguso utulie, kwa mfano kutoka milisekunde 5 hadi 10. Hilo lilificha zile N mbili za mwanzo kwa muda. Kwa mguso uliolala haliwezi kusaidia.

Wenye laptopu hawana nafasi ya kubadilisha swichi, ila wana dalili zao. Vitufe kadhaa vikishika pamoja, au vikianza baada ya kimiminika kuingia, shida mara nyingi ni kwenye karatasi ya njia za umeme chini ya vitufe au kebo yake bapa, na dawa ni kubadilisha kibodi. Kibodi ikiwa imebenuka katikati, zima mashine uache kuichaji: inawezekana betri imevimba na kusukuma kutoka chini.

Kibodi naipa alama nzuri kwa sababu ya soketi. Ninachoilaumu ni kwamba soketi hizo zimeshikiliwa na risasi ndogo tu ya kulehemia. Ukibana swichi mpya kwa nguvu bila kuweka kidole nyuma ya bodi, soketi inaweza kung'oka, na pini zikiingia kombo hupinda. Zinyooshe kwa koleo ndogo kabla ya kuchomeka, na usisukume hadi uone zote mbili zimelenga matundu.