Saa ya shilingi 80 kwenye ukumbi wa gemu Kayole: uzoefu wangu

Ukumbi huu wa Kayole, Nairobi, una runinga nne, mashine za PS4 na benchi la kungojea. Bei ni shilingi 20 kwa mechi moja ya FIFA 23, au 80 kwa saa. Watu wengi huona saa ndiyo nafuu, wakalipa bila kupiga hesabu. Mtu aliyenionyesha hesabu yenyewe ni mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, aliyehesabu sarafu zake kaunta: tatu za ishirini, zile zenye tembo, moja ya kumi, na mbili za tano. Alikuwa amezikusanya wiki nzima.

Kabla saa yake haijaandikwa kwenye daftari, aliomba kukagua kontrola. Alifika kwenye ukurasa wa kuchagua upande, akaziweka zote mbili mezani bila kuzigusa. Alama ya moja ikajisogeza kushoto yenyewe. Hiyo ni dalili ya kijiti kilicholika: kitambuzi kidogo kilicho chini yake kimechakaa au kimeingia vumbi, kwa hiyo mashine inadhani kuna anayekisukuma. Ukicheza nayo, beki wako atakuwa anaondoka mahali pake taratibu na utajilaumu bure. Mhudumu aliibadilisha papo hapo, na hilo nawapa sifa. Ukigundua baada ya saa kuanza, dakika za kubadilisha ni zako.

Kisha mvulana akaingia kwenye mipangilio, akakuta "Half Length" iko dakika 6, akaishusha hadi 4. Hapa ndipo hela ilipo. Kwa dakika 4 kila kipindi, ukiongeza muda wa nyongeza na kuruka marudio ya mabao, mechi huchukua kama dakika 11. Saa moja inabeba mechi tano, yaani shilingi 16 kila moja. Kwa dakika 6, mechi hufika dakika 16 hivi. Unamaliza tatu, ya nne inakatwa katikati, na kila mechi uliyomaliza imekugharimu karibu 27. Heri ungelipia mojamoja.

Jambo lingine zuri ni kwamba saa hapa hulipiwa mashine, si mtu. Kontrola ya pili ni ya bure. Mwendesha boda mmoja alikuwa benchini akikwepa mvua, na mvulana hakuwa na wa kucheza naye.

"Anko, kuja tucheze. Hulipi."

Mechi ya kwanza iliisha 5-0, na sababu ilionekana kwa yeyote aliyekuwa amekaa nyuma yao. Yule anko alishikilia R2 ya mbio muda wote akibonyeza duara kila sekunde. Duara ni kunyang'anya mpira: beki hurusha mguu, akikosa hubaki nyuma, na nyuma yake hakuna mtu. Mvulana hakusimamisha gemu, maana kusimamisha hakusimamishi daftari. Alisema maneno mawili matatu kila mpira ulipotoka nje.

"Achia hiyo R2. Shika L2, simama kati yangu na goli. Usibonyeze duara mpaka mpira uachane na mguu wangu."

L2 humfanya beki atembee akimtazama mshambuliaji, magoti yamekunjwa, tayari kugeuka upande wowote. Ni polepole, na ndiyo maana wageni huiogopa. Ukihitaji kasi kidogo, unaongeza R2 juu yake kwa muda mfupi. Mechi ya pili ikawa 3-0. Ya tatu mvulana akaongeza somo moja tu: ukibonyeza L1 kubadilisha mchezaji, mchukue kiungo anayerudi, mwache beki wa kati mahali pake. Ukimtoa huyo, umefungua mlango mwenyewe. Ikaisha 2-1, na bao la anko lilitokana na mpira alioupokonya kwa kungoja.

Lawama yangu kwa ukumbi ni runinga ya pili kutoka mlangoni. "Game Mode" yake ilikuwa imezimwa, hivyo runinga ilikuwa ikisafisha picha kwanza kabla ya kuionyesha. Ukibonyeza pasi, mchezaji anachelewa kidogo kuitikia. Kwa mafunzo ya kukaba hili ni sumu, kwa sababu duara lazima libonyezwe wakati uleule mpira unapoachana na mguu. Omba iwashwe kabla hujalipa.

Umeme ukipotea, mhudumu huandika dakika zilizobaki na unazirudia hata kesho. Saa ya mvulana iliisha wakiwa dakika ya 70 ya mechi ya tano, 1-1. Sheria ya pale ni kwamba ukishaingia kipindi cha pili unaruhusiwa kumaliza, kwa hiyo waliachwa. Mvua ilikuwa imekatika, na anko bado alikuwa ameshika L2.