Gemu za vibarua: hesabu nafasi za kwenye bodi kabla hujatoa hela

Inbox yangu imejaa malalamiko ya aina moja siku hizi, na la dada mmoja ndo limenifanya nikae niandike. Kanunua gemu kubwa ya vibarua, boksi limeandikwa wachezaji wawili mpaka watano, kaifungua na mumewe wakacheza jioni nzima, na anasema hakuna hata mara moja mmoja alimzibia mwenzie kitu, kila mtu kajilimia upande wake mpaka pointi zikahesabiwa. "Sasa utamu wenyewe uko wapi?" Dada, utamu umebaki kwenye boksi kwa sababu aliyekuuzia hakukuambia kwamba bodi ile wawili hamuwezi kuijaza.

Kwa ambaye ndo anaanza: kwenye gemu hizi una vibarua wachache, mnawaweka mmoja mmoja kwa zamu kwenye nafasi za bodi, nafasi moja inakupa miti, nyingine chakula, nyingine inakuruhusu kujenga, na ikishakaliwa mwingine haingii mpaka raundi ijayo. Ni kugombea siti ya daladala tu, ila kwa hesabu. Watu wengi wanaanzia historia yake kwenye Keydom ya Richard Breese ya 1998, halafu Caylus ya 2005 ndo ikaisambaza.

Sitaongelea uzuri wa picha, ubora wa vipande wala inachukua dakika ngapi, hayo yameandikwa kila mahali. Mi naangalia kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekitaja: mkiwa idadi YENU, vibarua wangapi wanagombea nafasi ngapi? Gemu ileile inaweza kuwa vita mkiwa wanne na ikawa ya kupiga stori mkiwa wawili. Na wengi wetu mezani tuko wawili, tusidanganyane.

Kabla ya kulipa tafuta kitabu cha sheria mtandaoni, vingi vinapatikana bure, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kupanga bodi uangalie kama kuna kitu kinabadilika wachezaji wakipungua. Kuna gemu zinafunga nafasi, kuna zinazoongeza nafasi watu wakiongezeka, nyingine zinabadilisha idadi ya vibarua, nyingine zinaweka mchezaji wa bandia azibe. Usipoona lolote kati ya hayo, na mko wawili, we achana nayo.

Namba moja: Agricola

Nina upendeleo na sifichi. Agricola ya Uwe Rosenberg ilitoka 2007, ikatolewa upya 2016 kwa mchezaji 1 mpaka 4, na kwa watu wawili sijaona inayobana vizuri hivi. Bodi inaanza na nafasi za msingi, mkiwa watatu au wanne mnaongeza kadi za nafasi pembeni, mkiwa wawili hamuongezi kitu. Kila raundi inafunguka kadi moja mpya yenye nafasi mpya, raundi 14 basi. Kila mtu anaanza na vibarua wawili, baba na mama, na kila mavuno kila mtu mzima anakula chakula 2, ukikosa unachukua kadi ya kuombaomba ambayo kila moja inakutoa pointi 3.

Vita yote ya mwanzo ni ya mtoto, maana mtoto ni kibarua wa tatu. Lakini mtoto anataka chumba, na chumba cha mbao ni miti 5 na matete 2. Miti siyo shida sana, msitu unaongezewa 3 kila raundi. Matete yanaongezeka 1 tu kwa raundi, na mkiwa wawili sehemu ya uhakika ya kuyapata ni hiyo moja, mkiwa wanne kuna nafasi ya pembeni inayotoa tete pamoja na jiwe na chakula. Kwa hiyo usikodolee macho kadi ya mtoto, kodolea matete. Ukimuona mwenzio ana miti 5 na tete 1, na pale mtoni limebaki moja, chukua. Umempotezea raundi nzima na wewe tete lenyewe unalihitaji, hujapoteza kitu. Kuziba kunakolipa ni huko, kuchukua kitu ambacho ungekitaka hata kama yeye asingekitaka. Kuweka kibarua mahali ili tu mtu akasirike, wewe mwenyewe umebaki na kibarua mmoja na mavuno hayo yanakuja, hapo umejiziba mwenyewe.

Sasa kuhusu tokeni ya mchezaji wa kwanza, ile unayoichukua kwa kibarua ili uanze wewe raundi inayofuata, maana hapa ndo watu wanapoteza kazi bure. Kadi ya mtoto inatoka raundi ya 5, 6 au 7, ni moja kati ya kadi tatu zilizochanganywa, kwa hiyo raundi ya 5 ni theluthi, isipotoka ya 6 ni nusu kwa nusu, na isipotoka tena ya 7 ni lazima. Wengi raundi ya 4 wanakimbilia tokeni "nisije nikazibiwa mtoto", na hiyo ndo raundi ya mavuno ya kwanza, unatakiwa na chakula 4, una vibarua wawili tu na mmoja kaenda kuchukua tokeni.

Angalia kwanza nyumba ya mwenzio. Sheria inasema huwezi kukaa kwenye nafasi bila kufanya kazi yake, na kazi ya ile nafasi ni kuzaa, na kuzaa kunataka chumba kilicho wazi. Kama hana chumba cha tatu HAWEZI kukuzibia mtoto hata kama anaanza yeye. Tuseme raundi ya 5 kadi imetoka, anaanza yeye, wote mna chumba cha ziada. Anazaa kwa kibarua wa kwanza, mtoto wake anaanza kazi raundi ya 6, hizo ni kazi 9 za ziada mpaka mwisho. Umekosa, inauma. Watu hapo wanahamaki, wanachukua tokeni wawahi raundi ya 6. Ya nini? Nyumba yake imeshajaa. Hata raundi ya 6 akianza yeye na akajenga chumba kwa kibarua wa kwanza, zamu inayofuata ni yako, unazaa. Mtoto wako anapata kazi 8, umepitwa kwa kazi moja. Ungeenda kuchukua tokeni umepitwa kwa mbili. Tokeni inakuwa na thamani pale ambapo raundi inaanza huku vyumba wazi viko pande zote mbili, au wote mmeshika miti 5 na matete 2 mnasubiri kujenga, maana nafasi ya kujenga nayo ni moja.

Ubaya wake upo, kadi zina maandishi mengi sana. Hapo wauzaji wamewaliza watu, unauziwa boksi la Kijerumani kwa bei nzuri, picha ya nje ni ileile, unafika nyumbani kila kadi ni ya kupiga picha na kutafsiri kwa simu. Omba picha ya kadi mbili tatu zilizo ndani, siyo ya mfuniko.

Namba mbili: Viticulture Essential Edition

Mashamba ya mizabibu Italia, wachezaji 1 mpaka 6. Nafasi nyingi za kazi zimechorwa tatu tatu: mkiwa wawili mnatumia moja, watatu au wanne mnatumia mbili, watano au sita zote. Piga hesabu uone kitu ambacho sijaona duka linakisema: mkiwa 2, 4 au 6 ni watu wawili kwa nafasi moja, mkiwa 3 au 5 kuna nafuu. Kwa hiyo ukitaka kubanana alika mtu wa nne.

Ila kila mmoja ana kibarua mkubwa ambaye anaingia hata pakiwa pamejaa, na hapo makali yanapungua. Mi sijampenda ila namheshimu. Ukimtumia mapema, wenzio wanajua sasa unazibika, kwa hiyo mwangalie wa mwenzio kabla hujahangaika kumzibia. Zamu nayo mnachagua wenyewe kila mwaka, yaani kila raundi, kila mtu anachagua nafasi ya kuamka kati ya saba: kuamka wa kwanza hakukupi zawadi, wa sita unapata pointi 1, wa saba kibarua wa ziada wa mwaka huo. Ukijua raundi hii hakuna unachogombania, amka mwisho uchukue zawadi yako.

Namba tatu: Lords of Waterdeep

Ya 2012, wachezaji 2 mpaka 5, na hii inapunguza vibarua badala ya nafasi. Wawili mnaanza na vibarua 4 kila mmoja, watatu 3, wanne au watano 2, halafu raundi ya 5 kila mtu anaongezewa mmoja. Kwa hiyo mkiwa wawili meza ina vibarua 8, mkiwa wanne pia 8. Kwa upande huo wamefanya kazi nzuri. Tatizo watu wanajenga majengo mapya na kila jengo ni nafasi nyingine, kufika raundi ya 6 ukimzibia mtu mlango huu anaingia ule. Zibeni mapema au msizibe.

Stone Age ya 2008 ningeiweka hapahapa kwa anayecheza na watoto. Mkiwa wawili, kila sehemu ya kuchuma, ukiacha ya kuwinda, inaingiwa na mmoja tu, na zile nyumba tatu za kijijini (shamba, zana, kibanda cha kuongeza mtu) zinatumika mbili tu kwa raundi. Imefikiriwa. Sema kuna dadu, na mi dadu zinanitia hasira.

A Feast for Odin nimeulizwa sana. Nzuri sana, nafasi zaidi ya 60, na ndo shida yenyewe, mkiwa wawili kuzibiana ni kwa bahati mbaya. Nunua kama unapenda kupanga vipande, siyo kama unataka ugomvi.

Kwa bei ndogo kuna Targi, ya wawili tu, boksi dogo, na ukiweka kibarua wako mwenzio haruhusiwi kukaa mkabala wake. Hela ikibana chukua hiyo, sina la kuongeza.

Na wauzaji, "bei inbox" mtaacha lini? Mtu kaweka picha ya Agricola kwenye insta, kuna koment ishirini zinauliza bei, wote wanajibiwa "njoo inbox dear", unaenda unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, ndo unatajiwa bei. Mi nilitajiwa bei mbili tofauti siku moja na duka moja, kwa namba yangu na kwa namba ya mdogo wangu, ya kwake ikawa chini. Nilipouliza nikaambiwa yangu ina "usafiri wa ndege", boksi lenyewe liko pale dukani tangu mwaka juzi, plastiki imefifia juani. Siku hizi namtuma mdogo wangu.