Uzoefu wangu: Kusafisha abaya ya puleki na shanga kwa mkono, Lamu

Mwenye nguo ya sherehe iliyojaa puleki, shanga na nakshi za zari, akiwa anaishi Lamu, ana njia mbili za kuisafisha: kuivusha bara hadi kwa draiklina mwenye mashine, au kumpa mtu wa hapa kisiwani anayefua kwa mkono. Njia zote mbili ninazijua. Tathmini hii inahusu hasa huduma ya mama mmoja wa Langoni ambaye hutarizi kofia, na pembeni hupokea nguo za mapambo ambazo madobi wa kawaida hawazitaki. Ninampa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua nitaieleza.

Nguo yenyewe ni abaya nyeusi ya krepu. Kifuani na mikononi imejaa puleki za rangi ya fedha zilizochanganywa na shanga ndefu za kioo, na ukosi wake umezungushiwa zari. Baada ya harusi ilikuwa na doa la mafuta ya pilau karibu na goti, krimu ya uso ukosini, na jasho kwapani. Lebo ya ndani ilionyesha duara lenye herufi P, maana yake nguo inaweza kusafishwa kwa perkloroethilini, ile dawa inayotumiwa na draiklina wengi. Lebo hiyo haikunituliza hata kidogo, kwa sababu gauni la mpwa wangu lilikuwa na alama hiyo hiyo lilipopelekwa kwa draiklina mmoja wa Malindi, na lilirudi likiwa limeharibika.

Nililibeba gauni hilo pia ili mama alitazame, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Hakusema tu kwamba limeungua. Alilitandaza mezani kando ya dirisha, akalichunguza sehemu kwa sehemu, akanionyesha kwamba madhara yalikuwa ya aina tatu, na kila aina ina sura yake.

Mabegani, ambapo bila shaka pasi ya mvuke ilikuwa imepita, puleki zilikuwa zimekunja kingo kwenda juu na kusinyaa kidogo, zote mahali pamoja, huku zile zilizo umbali wa vidole viwili zikiwa bado bapa. Hiyo ni kazi ya joto. Puleki nyingi za siku hizi hukatwa kutoka kwenye utando wa plastiki, na nyingi kati yake ni za PVC, plastiki inayoanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi. Pasi iliyowekwa kwenye nukta moja, kiwango cha chini kabisa, huweza kufika nyuzi 110, na mvuke wa maji yanayochemka una nyuzi 100. Kwa hiyo hakuna pasi iliyo ya upole kwa puleki za namna hiyo, hata mwenye pasi awe mwangalifu kiasi gani, na ikishajikunja hainyooki tena.

Kifuani hali ilikuwa tofauti. Puleki zilikuwa bapa vilevile, lakini mng'ao ulikuwa umeondoka na kuacha plastiki yenye ukungu, na lulu za bandia zilizoshonwa katikati ya maua zilikuwa zimebaki tupu, zimevuliwa ganda lao la rangi. Mama alichukua puleki moja iliyokuwa ikining'inia, akaikunja kwa kucha, ikavunjika. Puleki nzima ya aina hiyo hupinda na kurudi. Hayo ni madhara ya dawa. Perkloroethilini huyeyusha mafuta, na ndiyo sababu huondoa madoa vizuri, lakini pia hunyonya kile kilainishi kinachoifanya PVC iwe nyumbufu, huvua rangi zilizopakwa juu ya lulu za plastiki, na hulegeza gundi. Shanga zilizotengenezwa kwa polisitirini ndizo dhaifu zaidi, kwani huweza kulainika hadi zikashikamana na kitambaa. Shanga za kioo chenyewe hazidhuriki na dawa hiyo, ila rangi iliyopakwa ndani ya tundu au juu ya kioo huweza kutoka.

Aina ya tatu ilikuwa ubavuni na ndani ya mkono, yaani pale nguo inapojisugua yenyewe. Kule puleki zilikuwa na mikwaruzo upande ulioinuka tu, na nyuzi zilikuwa zimechakaa na kutoa manyoya. Mashine huzungusha nguo ndani ya dawa na baadaye ndani ya hewa ya moto, lakini mama alisema sehemu ya uchakavu huo ilitokana na kuvaliwa. Shanga ndefu za kioo zina midomo mikali. Kila zinapocheza hukata uzi wao wenyewe kidogo kidogo.

Kabla ya kuigusa abaya yangu aliigeuza ndani nje, akaangalia mshono wa nyuma. Puleki za mikononi zilikuwa zimeshonwa kwa mashine kwa mshono wa mnyororo, ambao hutumia uzi mmoja unaojipiga vitanzi. Ukikatika na ncha ikavutwa upande unaofumuka, mstari mzima hutoka. Alikuta ncha mbili zilizolegea, akazifunga kwa sindano kabla ya maji kuzifikia. Jambo hili ninalisisitiza kwa sababu sijaona dobi mwingine akilifanya, ilhali uzi uliolegea ukiingia majini hivyo hivyo, puleki huishia chini ya beseni.

Kisha akanitaka nitafute ule mfuko mdogo wa mapambo ya akiba unaokuja na nguo. Nilikuwa nao. Puleki moja aliiweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, akaiacha, akaisugua kwa kitambaa cheupe cha pamba, rangi haikutoka. Ya pili aliidondoshea dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Baada ya muda mfupi ilianza kulegea na kuacha alama ya fedha kwenye kitambaa. "Hii mwanangu si ya kutiwa dawa, lebo iseme itakavyosema," alisema. Asetoni si dawa ya draiklina, na puleki za poliesta huweza kuivumilia huku rangi yake ikibanduka, kwa hiyo jaribio hilo halimalizi maswali yote. Hata hivyo lilitosha kuamua kwamba nguo hii isafishwe kwa maji. Kwa maoni yangu, lebo nyingi za abaya huandikwa kwa kufikiria kitambaa, na mapambo husahauliwa.

Doa la mafuta lilitangulia. Alinyunyiza poda nyeupe upande wa ndani, kwa sababu poda ikiingia kwenye krepu nyeusi upande wa nje haitoki kirahisi, akaiacha inyonye mafuta hadi jioni, kisha akaipangusa kwa brashi laini. Baadaye aliweka taulo jeupe chini ya doa, akadondosha sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, akabonyeza kwa sponji kutoka nyuma ili uchafu uhamie kwenye taulo. Hakusugua. Alibonyeza, akainua, akasogeza taulo hadi sehemu safi, akarudia. Krimu ya ukosini aliiondoa kwa njia hiyo hiyo. Kwapani alitumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, lakini akaweka kitambaa kikavu kuzuia unyevu usifike kwenye zari, kwa kuwa zari ya waya huwa na shaba ndani na siki huishambulia.

Kuhusu maji yenyewe, Lamu ina shida yake. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye nguo huacha michirizi ya kijivu na kuharakisha kufifia kwa zari. Mama alifua kwa maji ya mvua aliyoyahifadhi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwa lita tano hivi, na akayachota asubuhi. Tangi jeusi lililoko juu ya paa hupata joto kali sana ifikapo saa nane mchana, na maji aliyoyataka yasizidi nyuzi 30. Abaya ililala ndani ya beseni dakika chache tu, ikiwa imegeuzwa ndani nje, ikibonyezwa kwa viganja. Suuza ya mwisho ilirudiwa hadi povu likaisha kabisa, kwani sabuni iliyobaki huufanya mng'ao ufifie na watu hudhani puleki zimeungua.

Haikukamuliwa. Aliikunja kama mkeka ndani ya taulo kavu, akaibonyeza, kisha akailaza juu ya kitanda cha kamba kivulini, penye upepo. Shanga za kioo ni nzito, na krepu iliyolowa ikitundikwa na uzito huo huvutika mabegani na kubaki hivyo. Mikunjo michache iliyosalia sehemu ya chini isiyo na mapambo aliinyoosha kwa pasi ya moto mdogo, upande wa ndani, akiacha nafasi ya kiganja kizima kabla ya kufika kwenye puleki ya kwanza.

Matokeo: krimu na jasho vimeondoka, puleki ziko bapa na ziking'aa, na shanga tatu zilizokuwa zimelegea zilishonwa upya bila malipo ya ziada. Doa la mafuta limebaki kama kivuli kinachoonekana mchana ukilitafuta. Alikuwa ameniambia mapema kwamba pilau iliyokaa bila kushughulikiwa haitoki yote kwa maji. Zari ya ukosini ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na imebaki nyeusi. Alikataa kuisugua kwa soda au dawa ya meno, kwa sababu huondoa tabaka la juu la waya na kuifichua shaba, nami nimekubaliana naye. Gauni la mpwa wangu hakulipokea, kwani hakuna usafishaji unaorudisha rangi iliyovuliwa. Alipendekeza puleki za kifuani zitolewe na zishonwe nyingine.

Nyota niliyoipunguza ni ya mpangilio. Hatoi risiti wala tarehe ya uhakika, na mvua ikinyesha nguo husubiri. Nililipa shilingi 900, bei ambayo kwa kazi ya namna hii ninaiona ni ndogo. Karibu na Maulidi na katika msimu wa harusi hapokei nguo mpya, kwa hiyo ipelekwe mapema. Ipelekwe pia kabla haijafukizwa udi, kwa sababu moshi wa udi huacha utando wa mafuta juu ya puleki, na nguo ikitandazwa karibu mno na chetezo joto lake huweza kuzikunja. Yeye hushauri kuufukiza mtandio na nguo ya ndani, abaya yenyewe ikae chumba cha pili. Marashi ya spiriti nayo yapakwe mwilini na yaachwe yakauke kwanza. Anayepeleka nguo asisahau ule mfuko wa puleki za akiba, maana bila huo mama hulazimika kuzitoa za kujaribia ndani ya pindo, na si kila nguo inazo.