Uzoefu wangu na fomu ya ufadhili iliyofuta majibu yangu ya dakika 50

Nilikuwa naomba ufadhili wa shahada ya uzamili kwenye mfumo wa chuo kimoja cha nje. Fomu ina sehemu tisa, na ya sita ndiyo nzito: maswali manne ya kujieleza, kila moja likiwa na nafasi ya herufi 2,000. Nilikaa nayo saa tatu usiku, watoto wamelala, bando la kutosha. Nikaandika moja kwa moja kwenye visanduku vya fomu, nikifuta na kurekebisha, kwa karibu dakika 50. Nilipobonyeza Save and Continue, ukatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: Your session has expired. Please log in again.

Nikaingia upya. Sehemu ya kwanza hadi ya tano zilikuwepo zote. Ya sita ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeshajaribu kitufe cha kurudi nyuma, maana kuna wakati kivinjari hubaki na maandishi, lakini safari hii hakikubaki na kitu.

Kilichoniuma ni kwamba sikuondoka hata mara moja. Mikono ilikuwa kwenye kibodi muda wote. Mdogo wangu anatengeneza tovuti, nikampigia asubuhi.

"Kaka, seva haikuoni ukiandika," akaniambia. "Unachoandika kinakaa kwenye kompyuta yako mpaka ubonyeze kuhifadhi. Kwa seva, wewe ulinyamaza dakika 50, ikaona umeondoka."

Kikomo hicho cha ukimya kila mwenye mfumo hukipanga atakavyo. Asipokigusa, tovuti zilizojengwa kwa ASP.NET huanza na dakika 20, na zilizojengwa kwa PHP sekunde 1,440, yaani dakika 24. Kukata muda kuna sababu nzuri, hasa kwa anayejaza kwenye kompyuta ya kafe na kuondoka bila kufunga akaunti. Ninacholalamikia ni kukata bila kuonya. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, katika kipengele cha 2.2.1, unataja njia rahisi kabisa: mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe. Fomu hii haikuonya, na wala haikuandika popote kwamba ina kikomo cha muda.

Usiku wa pili nilibadili utaratibu. Kwanza niliipitia fomu yote bila kujibu kwa urefu, nikinakili kila swali pamoja na kikomo chake cha herufi kwenye faili moja la Notepad. Penye swali la lazima niliweka neno moja la muda ili niruhusiwe kusonga mbele, nikaandika alama XX kwenye faili nisije nikalisahau. Hatua hii ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa sababu kuna maswali mawili ambayo hayaonekani mpaka uchague jibu fulani kwenye orodha, na moja linataka tarehe za kuanza na kumaliza kila kazi. Hizo nilizitafuta kwenye barua za ajira kwa utulivu, bila saa kunikimbiza.

Majibu marefu niliyaandika humo kwa siku tatu. Siku ya kubandika nilikwenda jibu moja, kuhifadhi, jibu linalofuata, kuhifadhi. Sehemu ya sita ikaisha ndani ya dakika sita.

Mambo mawili bado yalinikwamisha. Jibu la kwanza nilikuwa nimelianzia kwenye Word, na Word hupinda alama za nukuu na ritifaa. Nilipohifadhi na kufungua tena, "ng'ombe" wa mradi wetu wa maziwa alikuwa amegeuka "ng?ombe". Nikalirudisha Notepad, nikaziandika upya alama hizo zikiwa zimenyooka, likakubali. Jibu la tatu lilikuwa na herufi 1,996 kwa hesabu ya kisanduku chenyewe, lakini seva ikalikataa kwamba limezidi 2,000. Lilikuwa na mistari mipya minane: kisanduku huhesabu kila mstari mpya kama herufi moja, lakini fomu inapotumwa kivinjari huupeleka kama herufi mbili. Kwa hiyo seva ilipokea 2,004. Niliunganisha aya, ikabaki mistari mipya miwili, likapita.

Namba ya pasipoti na nywila sikuziweka kwenye faili hilo, kwa sababu nililibeba kwenye flashi hadi kazini.

Fomu naipa nyota mbili kati ya tano: maswali yake ni mazuri na yanaeleweka, na sehemu zilizokwisha kuhifadhiwa hazikupotea. Nimewaandikia wahusika kuomba onyo la muda liwekwe kwenye sehemu ya sita. Dirisha la maombi lingali wazi, na bado sijajibiwa.