Swichi ya poti 8 yenye VLAN: kwa nini kamera zinakosa IP

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina swichi mbili zinazofanana, zile ndogo za chuma zenye poti 8 ambazo VLAN zake unazipanga kupitia kivinjari. Chapa siitaji, kwa sababu tabia ninayowaonyesha mtaikuta kwenye swichi nyingi za daraja hili. Kasi iko vizuri, kelele hazina, umeme hazili. Hayo yameisha, twende kwenye ukurasa wa VLAN, maana hapo ndipo watu wanapokesha.

Ruta imeingia poti 1 ya swichi ya chini. Kutoka hapo, kebo moja, ndiyo trunki yetu ya kubeba VLAN zote, inaunganisha poti 8 ya chini na poti 8 ya juu. VLAN 20 ya wageni ilishapangwa na inafanya kazi bila shida. Sasa nimefungua VLAN 30 kwa ajili ya kamera: kwenye ruta ina anwani 192.168.30.1 na DHCP imewashwa, na kwenye swichi ya juu poti 5 ni Untagged, PVID 30. Nachomeka laptopu poti 5 badala ya kamera, ili tuone vizuri. Taa inawaka, tunasubiri... haya, someni wenyewe: 169.254 na mengineyo. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa.

Wengi hapa wanaikimbilia DHCP na kuanza kuiwasha na kuizima. Tulieni kwanza. Naipa laptopu anwani kwa mkono, 192.168.30.50, halafu naipigia ping 192.168.30.1. Kimya. Basi DHCP tuiache kwa sasa, kwa sababu hata anwani ya mkono haifiki kwa ruta. Njia yenyewe imekatika, na sisi tunatafuta imekatika wapi.

Narudisha laptopu kwenye DHCP, kisha kwenye ruta yangu, ambayo ni ya Linux, nasikiliza poti inayoelekea kwenye swichi:

```
tcpdump -e -n -i eth1 vlan 30
```

Hakuna kitu. Nikibadilisha 30 kuwa 20, fremu za wageni zinamiminika. Kwa hiyo kebo ni nzima, na ruta inasikia tagi.

Sasa ukurasa ninaoupenda kuliko yote kwenye swichi hii, jedwali la MAC. Swichi ya juu: MAC ya laptopu ipo, VLAN 30, poti 5. Swichi ya chini: haipo kabisa. Fremu imeingia juu, na haijashuka. Nafungua wanachama wa VLAN 30 kwenye swichi ya juu, namwona poti 5 peke yake. Poti 8 haimo! Swichi hizi ukiunda VLAN haziiongezi kwenye trunki, lazima uweke kwa mkono. Na hakuna onyo lolote, jambo ambalo nawalaumu watengenezaji moja kwa moja.

Naweka poti 8 kuwa Tagged, natumia Apply. Laptopu bado. Tusikate tamaa, kwa sababu trunki ina ncha mbili: poti 8 ya chini nayo haijui VLAN 30, hivyo inazitupa fremu zinapofika. Naiweka Tagged. Narudi kwenye jedwali la MAC la chini, laptopu imeonekana, poti 8. Tumesogea hatua, lakini tcpdump bado kimya, na sasa mnajua kwa nini: poti 1, ile ya ruta, nayo inataka Tagged. Naiweka, na... 192.168.30.100. Imepokea.

Angalizo moja kubwa. Ukichagua Untagged na PVID 30 kwenye poti 8 ya juu kwa haraka, fremu itatoka bila tagi, na swichi ya chini itaiingiza kwenye VLAN ya PVID yake, kwa kawaida VLAN 1. Kamera itapata IP, nawe utafurahi, kumbe imeingia kwenye mtandao wako mkuu. Kwa hiyo angalia ni IP ya mtandao gani, usitosheke na kuona imepata.

Wenye swichi kubwa za amri, ugonjwa ni uleule kwa sura nyingine. Kwenye zile za mtindo wa Cisco, trunki ikiwa na orodha ya VLAN zinazoruhusiwa, mnaongeza hivi:

```
switchport trunk allowed vlan add 30
```

Ukisahau neno `add`, orodha nzima inafutwa inabaki 30 pekee, na wageni wa VLAN 20 wanakatika papo hapo.

Je, ninunue? Kwa nyumba au ofisi ndogo, ndiyo, mradi modeli unayoitaka ina ukurasa wa jedwali la MAC unaoonyesha na namba ya VLAN. Baadhi za bei ya chini hazina, na bila huo hatua ya leo ingekuwa kubahatisha. Na kwenye hizi, Apply haihifadhi: bonyeza Save kabla hujaondoka, la sivyo umeme ukikatika VLAN 30 inapotea nao.